Mstaafu mpya asianzie kwenye vitabu vya kustaafu

Nimefanya kazi ya ukutubi hapa Moshi miaka mingi, na mstaafu mpya namtambua kabla hajasema kitu. Huja asubuhi sana, amechomekea shati, kalamu ipo mfukoni. Kisha huomba moja ya vitabu viwili: cha ufugaji wa kuku au cha biashara. Kiinua mgongo kimeingia na kila ndugu ana wazo lake.

Vitabu hivyo simnyimi mtu. Ila namwomba avisubirishe miezi mitatu, kwa sababu mtu anayetafuta kitu cha kushika akikutana na kitabu kinachoahidi faida, hela hutoka kabla hajajua kama kuku anawapenda au anakimbia ukimya wa nyumbani.

Kitabu ninachompa kwanza ni Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini cha Shaaban Robert. Wengi wanamkumbuka kama mshairi wa shuleni. Wanasahau kwamba alikuwa mtumishi wa serikali, karani aliyehamishwa kutoka kituo hadi kituo, na humo anasimulia uhamisho, mabosi, msiba wa mkewe na malezi ya watoto. Mtu aliyetumikia ofisi miaka thelathini anajiona humo. Ndani ya kitabu kuna tenzi mbili za wosia, Utenzi wa Hati kwa binti yake na Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume. Hapo ndipo kazi yangu inapoanzia.

Nieleze kwa mfano. Mzee mmoja, mhasibu, alistaafu kwa lazima alipotimiza miaka 60 akarudi kihambani, shamba la nyumbani kwao, upande wa Kibosho. Mkewe ndiye aliyemleta. Alisema mumewe anaamka saa kumi na moja, anavaa, halafu anakaa barazani mpaka chai ipoe. Nilimpa kitabu hicho na masharti mawili. Asome saa mbili asubuhi, ile saa aliyokuwa akifungua ofisi, kurasa kumi na tano tu, kisha afunge hata kama ananogewa. Na awe na kauntabuku pembeni: kila Shaaban anapotaja kituo cha kazi, na yeye aandike cha kwake, nani alimpokea, alijifunza nini, alimkosea nani.

Wiki ya kwanza ilishindikana. Alisoma baada ya chakula cha mchana akalala, tena miwani yake ilikuwa ya zamani na herufi zilicheza. Hili hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani: mtu anasema hapendi tena kusoma, kumbe macho ndiyo yamebadilika. Alipima macho, akabadilisha miwani, akahamia asubuhi chini ya mgomba ambako mwanga ni mzuri. Alipofika kwenye Utenzi wa Hati alikwama siku nne. Alikuja kuniambia, "Mwanangu, mimi binti yangu sijawahi kumwandikia hata barua." Akaanza kuandika.

Kitabu cha pili huwa Man's Search for Meaning cha Viktor Frankl, daktari wa Vienna aliyenusurika kambi ya Wanazi ya Auschwitz, kilichotoka mara ya kwanza 1946. Huku wengi wanakisoma kwa Kiingereza. Sikitoi kwanza, kwa kuwa nusu yake ya mwanzo ni kambi na mateso, na mtu mwenye huzuni anaweza kuzama humo. Frankl anataja wastaafu waziwazi miongoni mwa watu wanaokumbwa na utupu wa maana. Anasema maana hupatikana kwa njia tatu: kwa kazi unayoifanya, kwa kitu au mtu unayempenda, na kwa namna unavyoyabeba mateso usiyoweza kuyakwepa. Mhasibu wangu alichora safu tatu kwenye kauntabuku, moja kwa kila njia. Ya kwanza ilijaa ukurasa mzima, yote ya ofisini. Ya pili ilikuwa na jina la mkewe na la mjukuu mmoja. Aliitazama muda mrefu.

Kuna dalili moja ninayoitegemea kujua kama kitabu kinafanya kazi. Mtu akimaliza na kuomba kingine papo hapo bila neno, anaua muda tu, na nampunguzia. Akirudi anabishana na mwandishi, au ametoka kwenda kumuuliza mtu jambo, kitabu kimeingia.

Ila vitabu vina mpaka wake. Mzee asiyelala wiki kadhaa, asiyekula, au anayesema ni afadhali asingekuwepo, simpi kitabu, namwambia mwanawe ampeleke hospitali.

Mhasibu huyo ameshafika kauntabuku ya tatu. Jumamosi mjukuu wake anakuja kihambani, anamsomea kwa sauti sehemu ya kituo cha kwanza cha kazi, na mtoto anamkatiza kila mstari kwa maswali. Juzi aliniuliza kama nina kitabu cha kahawa. Nimempa.