Ombi la Kikao Katika Mistari Mitano

Katika kazi yangu ya ukatibu muhtasi, barua pepe za kuomba kikao hupita mezani kwangu kila siku, na nyingi huanza kwa kumtaka mpokeaji ahusike na kichwa cha habari hapo juu, zikamjulia hali, zikaeleza historia ya ushirikiano wa taasisi mbili, kisha zikamalizia kwa kuomba "tukutane siku yoyote utakayokuwa na nafasi". Ombi la namna hiyo huzaa barua nyingine tatu au nne za kuulizana kikao kinahusu nini, kitakuwa lini na kitachukua muda gani.

Nichukue mfano wa kampuni ya Dar es Salaam iliyopanga ghala Kigali, ambayo mkataba wake unakwisha tarehe 30 Juni. Afisa wake ameandika kwamba anaomba kikao "kujadili masuala ya ghala". Neno kujadili halimwambii mwenye ghala kama aje mwenyewe au amtume msaidizi wake. Tukiandika kwamba kikao ni cha kuamua kodi mpya, atajua mara moja kwamba anahitajika mtu mwenye mamlaka ya kukubali bei. Kwa hiyo mimi huanza kutafuta kitenzi cha kazi itakayofanyika, iwe kuamua, kuidhinisha, kukabidhi au kukagua, na kama sikipati, humrudishia afisa rasimu yake, kwa kuwa mara nyingi anachohitaji kitatoshelezwa na simu moja.

Makosa mengi hutokea kwenye muda. Kigali iko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa moja, hivyo kikao cha saa nane mchana kwetu kitamkuta mwenzetu saa saba, wakati wa chakula. Lipo pia tatizo la "saa 4:00", ambayo sisi tunaielewa kuwa asubuhi baada ya chai, lakini mtu akiiingiza hivyo hivyo kwenye kalenda ya simu, kengele itamwamsha alfajiri. Ndiyo maana mimi huandika saa ya Kiswahili na pembeni yake saa ya kalenda kwa miji yote miwili, pamoja na jina la siku mbele ya tarehe, kwa sababu siku na tarehe zisipolingana mpokeaji hugundua kosa kabla halijaleta hasara. Nafasi mbili zinatosha, moja asubuhi na nyingine alasiri, katika siku tofauti. Zote mbili nazifunga kwenye kalenda ya bosi wangu mpaka jibu lije, maana ni aibu kupendekeza muda halafu ukauondoa wakati mwenzio ameshaukubali.

Urefu wa kikao hautangulii ajenda. Kwanza naandika hoja, naipa kila moja dakika zake, nabakiza dakika tano za kuandika yaliyokubaliwa, ndipo najumlisha. Jumla ikizidi saa moja, kwa kawaida nakuta kuna hoja ya taarifa tu ambayo ingeweza kusomwa kwenye kiambatisho. Baada ya hapo ombi letu linakuwa hivi:

Mada: Kikao cha dakika 30 kuamua kodi ya ghala kabla ya 30 Juni

Ndugu Meneja,

Naomba kikao cha dakika 30 kwa simu ya video ili tuamue kodi ya ghala itakayoanza tarehe 1 Julai.

Napendekeza Jumanne 9 Juni, saa 4 asubuhi ya Dar (10:00; Kigali 09:00), au Alhamisi 11 Juni, saa 9 alasiri ya Dar (15:00; Kigali 14:00).

Ajenda: kiwango kipya cha kodi (dakika 15), nani atagharimia ukarabati wa paa (dakika 10), kuandika makubaliano (dakika 5).

Rasimu ya mkataba imeambatishwa; naomba jibu kufikia Ijumaa 5 Juni.

Salamu zimebaki katika "Ndugu Meneja" na katika neno "naomba", na sijawahi kuona mtu akilalamika kwamba ni kavu. Ila mkubwa anapomwita mdogo wake kazini, ufupi usigeuke fumbo: ujumbe wa "njoo tuongee kidogo kesho" unaweza kumkosesha mtu usingizi, ilhali bosi alitaka tu kupanga likizo. Hapo mstari wa lengo ndio wa mwisho kukatwa, hata kama ajenda yenyewe haipo.

Ofisi za serikali zina utaratibu wake. Huko utaandika barua yenye kumbukumbu namba, "Yah:" na sahihi, na kuipitisha masijala. Mistari hiyo hiyo huingia chini ya "Yah:" bila kubadilika sana, isipokuwa tarehe zinazopendekezwa husogezwa mbele zaidi ili barua iwe na muda wa kumfikia mhusika.