Kobalti ikishuka, shaba haitatuokoa kila mara

Tangu tarehe 22 Februari 2025, serikali ya Kongo ilipofunga usafirishaji wa kobalti kwenda nje, ofisi yetu ya biashara ya nje hapa Lubumbashi haijakosa wageni. Wanakuja wenye depo, wahasibu wa komini, na wamama wanaouza unga sokoni. Maswali yao yanatofautiana, lakini chini yake kuna moja: mawe haya dunia nzima inayataka, sasa kwa nini bei yake ikianguka huko mbali sisi ndio tunaoumia? Makala hii inajibu swali hilo kwa kiwango ambacho kazi yetu inaturuhusu. Maamuzi ya kota, yaani kiasi cha kobalti kinachoruhusiwa kutoka nje, hufanywa Kinshasa, hatuyazungumzii kwa niaba ya walioyafanya.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo kutoelewana kunapozaliwa. Sheria ya madini iliyorekebishwa 2018 inatoza mrahaba wa asilimia 10 kwa madini ya kimkakati, na kobalti ni mojawapo. Shaba inatozwa asilimia 3.5. Mrahaba huo unagawanywa hivi: nusu inakwenda serikali kuu, asilimia 25 mkoani, asilimia 15 kwa komini, sekta au uchifu ambako mgodi upo, na asilimia 10 kwenye mfuko wa vizazi vijavyo.

Chukua tani moja ya kobalti. Mwezi wa tano 2022 bei yake ilikuwa karibu dola 82,000. Mrahaba wake ni dola 8,200, na komini inapata 1,230. Mwanzoni mwa 2025 tani hiyohiyo ilikuwa karibu dola 21,000. Mrahaba ni dola 2,100, komini inabaki na 315. Mgodi haujahama, wachimbaji hawajalala, malori yanapita palepale yakitimua vumbi lilelile, lakini fedha ya kuchonga barabara imepungua karibu mara nne. Mhasibu mmoja alituletea karatasi yake ya bajeti akiamini kuna mtu katikati amekula. Huenda kuna sehemu nyingine za kukagua, hatusemi hapana, lakini pengo alilotuonyesha lilielezwa na bei peke yake. Alikuwa ameandika makadirio ya mwaka mzima kwa bei ya miaka ya neema.

Hapa naomba tuelewane jambo moja, maana tunalirudia kila wiki. Tunaposema tani ya kobalti tunamaanisha kobalti iliyomo ndani, si tani ya ule unga wa hidroksidi unaopakiwa kwenye mifuko mikubwa. Katika tani ya hidroksidi, kobalti ni kama asilimia 30 tu. Tena mnunuzi halipi bei nzima ya kobalti iliyosafishwa. Analipa sehemu yake, na sehemu hiyo nayo hupungua soko likijaa. Kwa hiyo bei ikishuka tunapigwa mara mbili: bei yenyewe imeshuka, na sehemu tunayolipwa juu ya bei hiyo imeshuka pia. Hesabu niliyofanya hapo juu ni ya bei ya soko bila makato, ili msomaji aone uwiano. Asije mtu ofisini akidai dola 1,230 kwa kila mfuko.

Sasa, kwa nini ilianguka hivyo? Wengi wanadhani bei ikishuka migodi hupunguza kazi, bidhaa inakuwa adimu, bei inapanda tena. Kwa mahindi ni kweli mara nyingi. Kwa kobalti yetu si kweli, kwa sababu hapa Katanga kobalti ni zao la pembeni: inatoka pamoja na shaba katika jiwe moja. Mwenye mgodi anaangalia kwanza bei ya shaba. Mwezi wa tano 2024 shaba ilivuka dola 10,000 kwa tani, basi migodi ikachimba kwa nguvu zote, na kila tani ya shaba ikaja na kobalti yake, itakiwe isitakiwe. Wakati huohuo Indonesia ilikuwa ikitoa kobalti zaidi kutoka kwenye nikeli yake, na viwanda vya magari vya China vilikuwa vikihamia kwenye betri za chuma na fosfati ambazo hazina kobalti kabisa. Bidhaa ikawa nyingi kuliko wateja, na hakuna mgodi hata mmoja uliokuwa na sababu ya kusimama.

Ndiyo maana serikali ikafunga. Baadaye, tarehe 16 Oktoba 2025, kufunga kukageuzwa kota chini ya ARECOMS, mamlaka inayosimamia masoko ya madini ya kimkakati: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka huo, kisha tani 96,600 kwa mwaka, kwa 2026 na 2027. Mwenye kota analipa mrahaba kabla ya mzigo kuondoka na kupata cheti cha uhakiki wa kota. Akikiuka masharti anaweza kunyang'anywa kota yake. Nayaandika haya kwa wale wanaodhani wanaweza kununua nafasi ya kota kwa rafiki. Kota si kiti cha taksi.

Bei ilipanda, ikavuka dola 40,000 kabla mwaka haujaisha. Tangu hapo tunasikia: basi tufunge na shaba. Ndugu zangu, hapana. Kwa kobalti tunaweza kutikisa soko kwa sababu zaidi ya asilimia 70 ya inayochimbwa duniani inatoka kwetu. Kwa shaba, ingawa tumeshaipita Peru na kuwa wa pili baada ya Chile, sehemu yetu ni kama moja ya saba. Tukifunga, Chile na Peru watauza, na sisi tutabaki na malundo. Hata kwa kobalti dawa hii ina mwisho, maana bei ikikaa juu sana mtengeneza betri anapata sababu nyingine ya kuikimbia.

Wengine wanatuambia kwamba tayari tuna vitu viwili, shaba na kobalti, kwa hiyo hatutegemei kimoja. Kati ya 2023 na 2025 hoja hiyo ilionekana kuwa na nguvu: kobalti ilikuwa chini, shaba ikatubeba. Lakini wenye umri wa kukumbuka 2008 wanajua ilivyokuwa. Mwezi wa saba mwaka huo shaba ilikuwa juu ya dola 8,500 kwa tani. Mwezi wa kumi na mbili ilikuwa chini ya 3,000. Kobalti nayo iliporomoka mwaka huohuo, kwa sababu mnunuzi wa zote mbili ni kiwanda kilekile kinachoyumba uchumi wa dunia ukiyumba. Tanuru nyingi kati ya Lubumbashi na Kolwezi zilizimwa, na vijana waliokuwa migodini wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Na maumivu hayakuishia kwa wachimbaji. Kampuni za madini ndizo zinazoleta sehemu kubwa ya dola nchini. Zinapolipa kodi na mishahara kwa franka, huuza dola zao benki. Zikiuza kidogo, dola inaadimika na franka inashuka. Katikati ya 2008 dola moja ilikuwa kama franka 560. Mwisho wa 2009 ilikuwa karibu 900. Mji wetu unakula bukari ya unga ambao kwa sehemu kubwa unaingia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na unga huo unanunuliwa kwa dola. Mama wa soko la Kenya, komini ya hapa mjini, ambaye hajawahi kushika jiwe la shaba alilipia anguko lile kwenye kila mfuko. Hali ya namna hiyo ilirudi 2016 na 2017, shaba iliposhuka hadi karibu dola 4,500 na bajeti ya taifa ikakatwa katikati ya mwaka.

Kwa hiyo tunapozungumza kupanua biashara, kipimo si idadi ya bidhaa. Kipimo ni kama bei zake zinaanguka siku moja, na kama mnunuzi ni yuleyule. Kuyeyusha shaba hapa na kuiuza kama nyaya ni jambo jema, linaleta kazi, na ile ziada ya ufundi inabaki kwetu hata bei ikishuka. Lakini bei ya nyaya bado inafuata bei ya shaba ya soko la metali la London. Ni kupanda ngazi katika nyumba ileile. Chile walilielewa hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 shaba ilikuwa kama robo tatu ya mauzo yao ya nje. Siku hizi ni karibu nusu, ingawa wanachimba shaba nyingi zaidi kuliko zamani. Pengo limejazwa na samaki wa kufugwa, matunda, mvinyo na mbao. Anayekula zabibu haachi kula kwa sababu kiwanda cha magari kimepunguza oda. Na walipopata fedha ya ziada kwenye miaka ya bei nzuri waliiweka akiba, wakaitumia 2009. Ilichukua miongo, si mhula mmoja wa gavana.

Kwetu, mlango wa karibu zaidi ni Zambia, nao wanatutangulia: wanatuuzia unga, sukari na saruji, yaani sisi ni sehemu ya mpango wao wa kutotegemea shaba. Anayetaka kuuza upande wa pili bidhaa isiyo ya madini anahitaji kusajiliwa RCCM, yaani rejista ya biashara, na kupata namba ya kitambulisho cha taifa ya biashara, namba ya kodi na namba ya kuagiza na kusafirisha. Kisha anafungua leseni ya kusafirisha bidhaa nje, modeli EB, katika benki ya biashara, bidhaa inakaguliwa na OCC, ofisi ya ukaguzi wa bidhaa, na kama ni mazao anapata cheti cha afya ya mimea kutoka SQAV, huduma ya karantini ya wanyama na mimea, kabla ya kutangaza mzigo kwa DGDA, yaani forodha. Kwa wafanyabiashara wadogo wenye bidhaa zilizo kwenye orodha ya pamoja ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, upo utaratibu rahisi wa RECOS, wenye fomu fupi. Usitumie namba ya mtu mwingine kwa kuazima. Tamko la uongo forodhani ni kosa, bidhaa inaweza kukamatwa na faini inafuata, na mwenye namba anaingia matatani pamoja nawe.

Hata hivyo, mkulima wa pembeni mwa mji anayetuuliza leseni ya kuuza mahindi Zambia tunamrudisha kwanza kwenye soko la hapa. Hahitaji EB kuuza katika komini zetu za Kenya au Katuba. Gunia lake likiuzwa Lubumbashi, kuna gunia moja ambalo halikuagizwa kwa dola, na dola hiyo haitafutwi siku ambayo shaba iko chini. Katika hesabu ya biashara ya nje, gunia hilo lina uzito sawa na lile lililovuka mpaka, tena bila fomu.