Mauzo ya kurudisha gharama: hesabu ya mgahawa mdogo wa Kigoma

Mauzo ya kurudisha gharama ni kiwango cha mauzo ambacho mgahawa ukikifikia, fedha iliyoingia inalingana na gharama zote zilizotumika, kiasi kwamba hakuna faida wala hasara. Chini ya kiwango hicho kila siku ya kazi inakula mtaji, na juu yake kila sahani inayouzwa inaanza kuleta faida. Ili kukipata kiwango hicho mwenye mgahawa anahitaji kujua mambo matatu tu: gharama zinazomkuta hata asipouza chochote, gharama zinazokuja na kila sahani, na bei anayouzia.

Tuchukue mgahawa wa mfano uliopo Mwanga, mjini Kigoma, unaofunguliwa siku 26 kwa mwezi. Unauza vyakula vitatu: ugali kwa migebuka kwa shilingi 4,000, wali maharage kwa shilingi 2,500, na chai pamoja na chapati mbili kwa shilingi 1,200. Bei na gharama zote zitakazotajwa hapa ni za mfano, na kila msomaji ataweka za kwake.

Gharama za kwanza ni zile zisizobadilika, yaani zile zinazobaki palepale mteja aje asije. Katika mgahawa wetu kodi ya fremu ni shilingi 150,000 kwa mwezi. Mpishi analipwa 300,000 na wahudumu wawili wanalipwa 200,000 kila mmoja, hivyo mishahara ni 700,000. Umeme na maji ni 80,000, ulinzi na uzoaji taka ni 40,000, na leseni pamoja na malipo mengine ya mwaka yakigawanywa kwa miezi 12 yanakuwa 30,000. Masufuria, majiko, meza na viti vilinunuliwa kwa shilingi 1,800,000 na vinatarajiwa kudumu miaka mitatu, hivyo kila mwezi unabeba 50,000 ya uchakavu wake. Mwisho ni ujira wa mwenye mgahawa mwenyewe, shilingi 300,000. Jumla ni shilingi 1,350,000.

Ujira huo wa mwenye mali ndio unaosahaulika kuliko yote, na kuuacha kunaharibu hesabu nzima. Mtu anayefika jikoni alfajiri na kuondoka usiku anafanya kazi ambayo, kama asingekuwapo, angelazimika kumlipa mtu mwingine aifanye. Asipoiandika, hesabu itamwonyesha kwamba mgahawa unajilipa, ilhali kinachoulipa ni nguvu zake za bure, na atakuwa anachota kwenye droo bila mpango kila anapohitaji fedha ya nyumbani.

Gharama za pili ni zile zinazobadilika kulingana na idadi ya sahani. Sahani moja ya ugali kwa migebuka inachukua samaki wa shilingi 1,500, unga wa 350, mawese, nyanya, vitunguu na chumvi vya 250, mkaa wa 200 na mboga za majani za 100. Jumla ni 2,400. Ukiitoa kwenye bei ya 4,000 inabaki 1,600, na kiasi hiki tutakiita mchango wa sahani, kwa sababu ndicho kinachochangia kulipa zile shilingi 1,350,000. Kwa njia hiyo hiyo wali maharage una gharama ya 1,100 na mchango wa 1,400, na chai na chapati ina gharama ya 700 na mchango wa 500.

Hapa inafaa kutulia kidogo. Wengi huamini kwamba sahani ya samaki ndiyo inayowabeba kwa sababu inaingiza fedha nyingi zaidi mezani, lakini mchango wake unazidi ule wa wali maharage kwa shilingi 200 tu, ingawa bei zao zimeachana kwa shilingi 1,500. Kinacholipa kodi ya fremu na mishahara ni mchango, wala si bei.

Mkaa una tabia yake, kwa kuwa jiko likishawashwa linatumia karibu kiasi kilekile sufuria iwe ya sahani ishirini au thelathini. Kwa mgahawa mdogo inatosha kuugawa mkaa wa siku kwa idadi ya kawaida ya sahani, kama tulivyofanya. Kodi ya mapato kwa wafanyabiashara wadogo wanaotozwa kwa makadirio hutegemea kiasi cha mauzo badala ya faida, kwa hiyo anayetozwa kwa utaratibu huo aipunguze kwenye mchango wa kila sahani kulingana na makadirio aliyopewa. Katika mfano huu tumeiacha ili njia ionekane wazi.

Kama mgahawa ungeuza chakula kimoja tu, kazi iliyobaki ingekuwa kugawa gharama zisizobadilika kwa mchango wa sahani. Kwa kuwa unauza vitatu, lazima kwanza kujua wateja wanaagiza nini. Daftari la wiki mbili au tatu linatosha kuonyesha hilo. Tuseme kati ya kila wateja kumi, wanne huagiza migebuka, watatu wali maharage, na watatu chai na chapati. Wateja hao kumi wanaleta mchango wa 6,400 kutoka migebuka, 4,200 kutoka wali maharage na 1,500 kutoka chai, jumla 12,100, ambayo ni wastani wa 1,210 kwa mteja. Hesabu inakuwa hivi:

```
1,350,000 ÷ 1,210 = wateja 1,116 kwa mwezi
1,116 ÷ 26        = wateja 43 kwa siku
```

Wateja kumi hao wanaacha shilingi 27,100 mezani, yaani wastani wa 2,710 kila mmoja, hivyo wateja 1,116 ni mauzo ya takribani shilingi 3,024,000 kwa mwezi, au kiasi cha 116,000 kwa siku. Hicho ndicho kiwango cha mgahawa wetu. Ni vizuri kukishika kwa siku kuliko kwa mwezi, kwa sababu siku inapofungwa mtu anaweza kukilinganisha na daftari papo hapo, wakati bado anakumbuka kilichotokea.

Hata hivyo, hesabu hii imechukulia kwamba kila kilichopikwa kimeuzwa, na jikoni mambo hayaendi hivyo. Kati ya wateja 43, wanaokula migebuka ni kama 17. Mpishi akiogopa kupungukiwa na kuandaa sahani 20 kila siku, sahani tatu zinabaki, na gharama yake ni shilingi 7,200. Kuifidia kunahitaji mchango wa sahani nne na nusu za migebuka, maana yake zaidi ya robo ya migebuka yote iliyouzwa siku hiyo imefanya kazi ya kulipia kilichobaki. Tukisema sawasawa, sahani 20 ziligharimu 48,000 na zilizouzwa ni 17, hivyo kila iliyouzwa imegharimu takribani 2,824, na mchango wake halisi ni 1,176 badala ya 1,600. Ukirudia hesabu kwa kiasi hicho, wateja wanaohitajika wanapanda kutoka 43 hadi 50 kwa siku, bila bei yoyote ya sokoni kubadilika.

Upotevu wa namna hii hauonekani kwa macho, lakini kipo kipimo kinachoufichua. Katika mgahawa wetu gharama zinazobadilika za wateja kumi ni 14,900 kati ya mauzo ya 27,100, yaani asilimia 55. Mwisho wa mwezi jumlisha manunuzi yote ya chakula na mkaa, kisha uyagawe kwa mauzo ya mwezi huo. Yakiwa karibu na asilimia 55, jiko linakwenda kama lilivyopangwa. Yakifika asilimia 62, ambayo ndiyo hali ya zile sahani tatu zinazobaki kila siku, kuna kitu kinavuja: masalio, vipande vya samaki vikubwa kuliko vilivyopimwa, chakula cha watumishi na jamaa ambacho hakikuandikwa, au wateja wa mkopo ambao chakula chao kilitoka lakini mauzo yao hayakuingia daftarini. Mtu asikimbilie kupandisha bei kabla ya kujua ni kipi kati ya hivi.

Kwa Kigoma kuna jambo jingine ambalo mgahawa wa samaki hauwezi kulikwepa. Dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika huvuliwa sana usiku kwa taa, na mwanga wa taa huvuta samaki vizuri zaidi giza linapokuwa zito. Siku za mbalamwezi uvuvi huo hupungua, samaki sokoni wanakuwa wachache na bei hupanda. Tuseme samaki wa sahani moja wanafika shilingi 2,100 badala ya 1,500. Mchango wa sahani ya migebuka unashuka hadi 1,000, wateja kumi wanaleta 9,700, na kiwango cha siku kinakuwa wateja 54. Shilingi 600 za samaki zimeongeza wateja 11 kwa siku, nao hawaji kwa sababu tu mwezi umejaa.

Mwenye mgahawa ana njia mbili za wazi katika siku hizo, na zote zinapimika. Akipandisha sahani ya migebuka hadi 4,500, mchango wake unakuwa 1,500, na kama wateja wataendelea kuagiza kama kawaida kiwango kinarudi hadi 45. Tatizo liko katika neno kama: wapo watakaohamia mgahawa wa jirani, na akipoteza wateja wanne au watano kwa siku hatafika hapo. Njia ya pili ni kuacha bei ilivyo, kununua samaki wachache, na kuwaelekeza wateja kwenye maharage. Ikiwa katika kila kumi wawili watakula migebuka, watano wali maharage na watatu chai, mchango wa kumi unakuwa 10,500 na kiwango ni wateja 50. Kwa karatasi njia ya kwanza inashinda, lakini mimi ningeanza na ya pili mahali ambapo wateja ni walewale wa kila siku, kwa kuwa mteja anayejua bei yake hubaki, na samaki wachache jikoni hupunguza pia yale masalio yaliyokwisha kutugharimu wateja saba kwa siku.

Kwa sababu hiyo mgahawa wa namna hii hauna budi kuwa na viwango viwili vilivyoandikwa daftarini, kimoja cha siku za giza na kingine cha mbalamwezi, na vyote vihesabiwe upya kila kodi ya fremu, mshahara au bei ya unga inapobadilika.