Cat6 haifiki mbali kuliko Cat5e

Juzi nimepigiwa simu kutoka Iganga: "Fundi, njoo ufunge. Kebo ya mtandao nimeshanunua, ni Cat6, ile inayofika mita 150." Maneno hayohayo nimeyasikia Kampala, Mbale na hapa Jinja ninapofanyia kazi. Wengine huuziwa na wenye maduka, wengine huambiwa na mafundi wenzangu, na hilo la mafundi ndilo linaloniudhi zaidi.

Ukweli ni kwamba Cat5e ni mita 100 na Cat6 ni mita 100. Hizo ni kutoka swichi hadi kifaa, kila kitu kikiwa kimehesabiwa: mita 90 za kebo ngumu inayopita ukutani au darini, na mita 10 za vile vipande laini vya kuchomeka huku na huku. Tofauti ya kebo hizi mbili haiko kwenye urefu. Cat5e imepimwa kubeba mawimbi hadi megahezi 100, Cat6 hadi megahezi 250, na jozi za nyaya ndani ya Cat6 hazisikiani ovyo. Fikiria barabara mbili za kwenda mji mmoja, moja ina njia nyingi zaidi, lakini umbali wa mji haujabadilika.

Kinachowadanganya watu ni kwamba ukizidisha urefu, mara nyingi taa ya swichi inawaka. Shaba ya Cat6 kwa kawaida ni nene kidogo, kwa hiyo mawimbi yanafika mwisho yakiwa na nguvu kidogo zaidi, na mita 120 zinaweza kufanya kazi siku ya kufunga. Fundi anapokea pesa yake, anaondoka, na matatizo yanabaki kwa mteja.

Hajji mmoja mwenye ghala la mahindi hapa Jinja aliniita kwa sababu kompyuta ya mizani ilikuwa inakatika kila siku kuanzia saa saba mchana, kisha inarudi yenyewe jioni. Alikuwa ameshabadilisha swichi na plagi za ncha zote mbili, na alikuwa amegombana na kampuni ya intaneti wakati kosa halikuwa lao. Jambo la kwanza nililofanya ni kusoma ganda la kebo. Kebo nyingi zimeandikwa namba kila mita moja. Karibu na swichi ilisomeka 041, kwenye mizani 159. Toa moja kwenye nyingine, ni mita 118. Ongeza kipande cha mita 3 ofisini na cha mita 2 kwenye mizani, jumla 123.

"Lakini Hajji, hii imezidi mita 23."

"Fundi, si ni Cat6? Na asubuhi inafanya kazi vizuri!"

Asubuhi ilifanya kazi kweli. Ila kebo ile ilipita chini ya mabati kutoka mwanzo hadi mwisho. Zile mita 90 zimehesabiwa kebo ikiwa na joto la nyuzi 20. Shaba ikipata joto ukinzani wake unaongezeka, mawimbi yanazidi kupungua nguvu njiani, na urefu unaokubalika unafupika. Kwenye nyuzi 40 mita 90 zinakuwa kama 83, kwenye nyuzi 60 zinakuwa kama 75. Chini ya mabati mchana, dari ambayo huwezi kukaa dakika tano bila kulowa jasho, kebo yake ilikuwa imezidi kwa mbali zaidi ya zile mita 23.

Nilichomeka laptopu yangu ya Linux mahali pa kompyuta ya mizani nikaandika:

```
ethtool eth0
ethtool -S eth0 | grep -i crc
```

Amri ya kwanza inaonyesha kasi ambayo pande mbili zimekubaliana. Saa nne asubuhi ilisema `Speed: 1000Mb/s`, na hesabu ya makosa ya CRC ilikuwa imetulia. Saa nane mchana hesabu hiyo ilipanda kila niliporudia amri, kisha kiungo kikakatika, kikarudi kwa `100Mb/s`. Makosa ya CRC maana yake pakiti zinafika zimeharibika, na mpokeaji anazitupa. Ukiona yanapanda wakati plagi ni nzima, pima urefu kabla hujanunua swichi nyingine.

Tiba ziko mbili. Ya kwanza ni kuweka swichi katikati, maana kila swichi inaanza hesabu ya mita 100 upya. Kwa Hajji katikati ya ghala hapakuwa na soketi, na hata ingewekwa, umeme ukienda mizani nayo inakufa. Nilimvutia faiba, na kigeuzi kimoja kila upande, ambako tayari kulikuwa na betri za akiba. Faiba ya njia moja na vigeuzi vyake vya kawaida huenda kilomita nyingi, joto la mabati haliisumbui, na kwa kuwa ni kioo haipitishi radi. Kwa ngurumo tunazopata kandokando ya ziwa hili, mimi kati ya jengo na jengo sifungi shaba tena, hata kama ni mita 30. Kebo ya zamani tuliikata, vipande vyake sasa vinahudumia kamera mbili za ghalani.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi: kasi ikipanda hadi gigabiti 10, Cat6 ndiyo inayofupika. Hapo inahesabiwa hadi mita 55 tu, na ikifungwa pamoja na nyingine nyingi kwenye fungu moja inaweza kushuka hadi 37. Anayetaka gigabiti 10 kwa mita 100 anunue Cat6A.

Kuna na maneno mengine ninayoyasikia. "Nikiweka Cat6 intaneti itaenda kasi." Haitaenda. Kama unalipia megabiti 20, Cat5e yenye uwezo wa megabiti 1000 haijaguswa hata robo. Kwa kamera, simu za mezani na kompyuta za ofisi, Cat5e nzuri inatosha. Cat6 mimi naiweka inapozikwa ukutani, kwa sababu sipendi kurudi kubomoa plasta.

"Nimefunga Cat6" huku plagi na soketi ni za Cat5e. Basi umefunga Cat5e. Na hata plagi zikiwa sahihi, ukifungua msokoto wa jozi zaidi ya milimita 13 kabla ya kuzibana umepoteza ulichonunua. Nimeona mafundi wanafungua sentimita tano.

"Cat6 yoyote ni bora kuliko Cat5e." Hapa msomaji tafadhali simama. Kebo nyingi za bei ya chini ni alumini iliyopakwa shaba, hata kama ganda limeandikwa Cat6. Ukinzani wake unazidi wa shaba kwa zaidi ya nusu, kwa hiyo kamera inayopata umeme kupitia kebo hiyohiyo inazimika usiku, pale taa zake za kuonea gizani zinapowaka na kuvuta umeme zaidi. Kabla ya kulipa, omba ukate ncha, chukua waya mmoja uukwangue kwa kisu. Shaba itabaki nyekundu hadi ndani. Ukiona weupe, rudisha boksi, uchukue Cat5e ya shaba tupu.