Dawa inayoleta usingizi: mwezi wa Ramadhani inywewe saa ngapi?

"Nanywa amitriptilini ya miligramu 25 kila siku saa 3 usiku, kwa ajili ya maumivu ya mishipa ya fahamu miguuni. Ramadhani saa 3 niko kwenye tarawehe, na usiku naamka kula daku. Je, ninywe nikifuturu, nikitoka msikitini, au nisubiri daku?"

Ukitoka msikitini, mradi huendi kukaa barazani hadi usiku wa manane. Wakati wa daku ndio mbaya kuliko yote, ingawa ndio huwavutia wengi kwa kuwa ni mlo wa mwisho kabla ya kufunga, na mtu huona vyema amalize kila kitu hapo.

Wengi hudhani dawa ya usiku imefungwa kwenye chakula cha usiku. Kwa amitriptilini sivyo: inaweza kunywewa na chakula au bila chakula. Iliwekwa usiku kwa sababu inasinzisha, na daktari alitaka huko kusinzia kukupate kitandani. Kwa hiyo Ramadhani usiulize mlo umehamia wapi, uliza usingizi umehamia wapi, na baada ya hapo utatakiwa kuwa macho saa ngapi.

Tuchukue ratiba ya mtu kama muulizaji. Siku za kawaida anameza saa 3 usiku, analala saa 4, anaamka saa 12 asubuhi na kuendesha gari kwenda kazini saa 1. Kati ya kidonge na usukani kuna saa 10. Ramadhani anafuturu saa 12:30 jioni, anatoka tarawehe saa 3:30 usiku, analala saa 4:15, anaamka kwa daku saa 10, anaswali alfajiri na kupata kausingizi kafupi kabla ya kutoka saa 1.

Akimeza kwenye futari, usingizi unaweza kumkuta katikati ya rakaa. Amitriptilini haipandi haraka. Kusinzia huanza kuhisika baada ya saa moja au mbili, na kiwango chake katika damu huendelea kupanda kwa saa kadhaa baada ya hapo. Akimeza saa 3:30, anabaki na saa 6 na nusu hadi daku na saa 9 na nusu hadi usukani, yaani karibu sawa na alivyozoea. Akichelewa hadi saa 6 usiku, zimebaki saa 4 tu kufika daku, na hapo ndipo watu hupitiwa na kengele ya simu, wakaamka jua limechomoza. Akimeza wakati wa daku, saa 10, ataingia barabarani saa 3 baadaye dawa ikiwa bado inapanda, na kinywa kitamkauka mchana kutwa. Kukauka kinywa ni tabia ya dawa hii hata kwa asiyefunga. Kwa aliyefunga hakuna hata tama la maji la kutuliza.

Je, kusogeza nusu saa, au hata saa mbili, hakutaamsha maumivu? Hapana. Amitriptilini hukaa mwilini muda mrefu. Baada ya takriban siku nzima ndipo kiasi chake hupungua nusu. Aliyeizoea kwa wiki kadhaa ana akiba katika damu isiyotikiswa na mabadiliko madogo ya saa. Uhuru huo wa kusogeza una kikomo chake: usingizi wa usiku wa Ramadhani ni mfupi, lakini dawa haifupiki nao. Kuamka saa 10 ni kuamka dawa ikiwa bado na nguvu.

Kwa hiyo anayeamka kwa daku asisimame ghafla. Dawa hii hushusha presha mtu anapoinuka, na mwili uliokosa maji mchana kutwa hauna cha kufidia. Aketi kwanza ukingoni mwa kitanda dakika mbili tatu, taa ikiwa imewashwa. Mzee anayepepesuka kila daku, au anayekwama kukojoa, asiendelee kujaribu saa tofauti peke yake. Huyo ni wa kurudi kwa daktari, na mara nyingi kinachohitaji kubadilika ni dozi.

Utajuaje kama uzito wa asubuhi ni wa dawa au ni wa kukosa usingizi tu? Haiko wazi kila mara, lakini kwa kawaida uzito wa dawa huwa mkali unapoamka, ukiwa na kinywa kikavu na macho yasiyoona sawasawa kwa karibu, kisha hupungua kadiri asubuhi inavyosonga. Wa kukosa usingizi hufanya kinyume: asubuhi unajiona uko sawa, adhuhuri ikipita kichwa kinaanza kudondoka. Wa kwanza hutibika kwa kumeza mapema kidogo, tuseme saa 2 unapotoka nyumbani kwenda kuswali isha, lakini tu kama unarudi kwa miguu au umeendeshwa. Wa pili hautatibiwa na saa yoyote ya kidonge. Lala mapema.

Hesabu hii usiihamishie kila dawa inayosinzisha. Kwetiapini, dawa ya maradhi ya akili, ina aina mbili. Ile ya kawaida hufika kileleni katika damu kwa saa moja na nusu hivi, kwa hiyo kumeza ukiwa bado msikitini ni kujitafutia kuanguka. Ile inayotolewa polepole, ambayo boksi lake huwa na herufi XR au XL, huchukua saa kama 6 kufika kileleni na haitaki mlo mzito: ikikutana na chakula chenye mafuta mengi, kilele chake kinaweza kupanda kwa karibu nusu zaidi. Futari nayo, tuseme ukweli, mara nyingi si mlo mwepesi. Iachie nafasi, na kidonge hicho kisikatwe wala kutafunwa.

Zolpidemu, dawa ya kuleta usingizi, ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Inahitaji saa 7 au 8 kamili za kitanda mbele yake, na mwenye kuamka kwa daku hana saa hizo kwa mkupuo mmoja. Isitoshe, shibe huchelewesha dawa. Mtu anameza, anaona kimya, anaongeza cha pili, kisha vyote viwili vinamshukia alfajiri. Muulize aliyekuandikia kama kweli unaihitaji mwezi huu.

Mwenye kifafa asipange saa zake kwa maelezo haya hata kidogo. Kwake kukosa usingizi peke yake kunaweza kuleta degedege, na pengo la dozi huongeza hatari, kwa hiyo mpango wake, pamoja na swali la kufunga lenyewe, uamuliwe na daktari wake.

Wakati mzuri wa kujaribu saa mpya ni Shaabani, wiki moja au mbili kabla ya mwezi kuandama, ukiwa bado unaweza kunywa maji mchana na kulala asubuhi. Ukisahau dozi ya usiku mmoja na ukaikumbuka kwenye daku, iache hadi usiku unaofuata, wala usimeze mbili pamoja. Usiku wa Idi unarudi kwenye saa 3 yako ya zamani moja kwa moja. Nusu saa haihitaji kupunguzwa kidogo kidogo.