Kikomo Kilichomo Ndani ya Kikomo

"Bima yangu inafika milioni 10, na damu ni ya kuchangiwa. Kwa nini nidaiwe baada ya upasuaji?"

Milioni 10 ni kikomo cha jumla, na ndani yake baadhi ya mikataba huweka vikomo vidogo, hasa kwa huduma ya wagonjwa mahututi na damu. Tuchukue mfano wa mkulima wa korosho wa Newala aliyepasuliwa utumbo mjini Mtwara: mkataba unalipa shilingi 150,000 kwa siku ya chumba cha mahututi, hospitali inatoza 250,000, naye amelazwa humo siku 6. Pengo hilo linafikia 600,000, ambazo atalipa mwenyewe ingawa bima yake haijakaribia kwisha.

Damu yenyewe haiuzwi. Kinachoweza kutozwa ni kuipima virusi vya Ukimwi, homa ya ini na kaswende, kisha kuilinganisha na ya mgonjwa, na hesabu hufanywa kwa kila chupa. Siku za mahututi hutegemea upumuaji, shinikizo la damu na maambukizi, mambo ambayo daktari hawezi kuyakadiria kwa hakika kabla ya upasuaji, na kwa hiyo deni huonekana mgonjwa anaporuhusiwa. Kabla ya kulazwa, familia iombe kwa maandishi kiwango kinacholipwa kwa siku na kwa chupa.