Gawa makadirio pale nyumba inapoweza kusubiri

Familia inayojenga kidogo kidogo ikiniletea ramani, sigawi gharama mafungu sawa. Kwanza natafuta mahali jengo linapoweza kusimama muda mrefu bila kuharibika, na hapo ndipo hatua inapoishia. Msingi uliokwisha kumwagwa jamvi, yaani sakafu ya zege juu yake, unaweza kusubiri. Kuta zilizofikia usawa wa juu wa milango bila linta, yaani mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta zote, hazifai kuachwa hivyo kwa miezi: hakuna kinachozifunga pamoja, na upepo mkali unaweza kuziangusha. Kwa hiyo kuta na linta huwa ni hatua moja, hata familia ikitaka kuzitenganisha.

Tuchukue linta ya nyumba yenye kuta za jumla ya mita 60, upana sentimita 15 na kimo sentimita 20. Zege lake ni mita za ujazo 1.8. Kwa uwiano wa 1:2:4 wa saruji, mchanga na kokoto, saruji ni takribani mifuko 12 ya kilo 50. Naandika 13 kwa sababu kuna inayomwagika. Nondo nne za milimita 12 zikizunguka kuta zote ni mita 240, sawa na nondo 20 za mita 12. Ila nondo hupishana sentimita 60 kila zinapoungana, na hukunjwa kwenye kona, kwa hiyo naandika 23. Ringi za milimita 8 za kuzifunga nondo hizo pamoja, zikiwekwa kila sentimita 20 ni 300. Kila moja hula sentimita 60, hivyo zinahitaji nondo 15.

Orodha hii sasa naigawa tena kwa kinachoweza kukaa na kisichoweza. Nondo hununuliwa mapema, hata tano tano, zikawekwa juu ya magogo na kufunikwa. Kutu nyepesi si tatizo. Ikianza kubanduka kwa magamba, isuguliwe kwa brashi ya waya, na nondo iliyokonda iachwe. Mchanga na kokoto hufuata. Saruji ni ya mwisho, wiki ya kumwaga, kwa sababu hunyonya unyevu wa hewa na kupoteza nguvu hata mfuko ukiwa haujafunguliwa. Mfuko wenye mabonge yasiyovunjika kwa vidole usitumike kwenye linta.

Fedha zikitosha nusu ya zege, nashauri wasubiri. Kama hakuna budi, zege likatwe wima kwa ubao juu ya ukuta mzima, mbali na kona, kamwe si juu ya mlango au dirisha, na nondo zipite bila kukatwa.

Mbao za fomu hazihesabiwi mara mbili. Zikifunguliwa vizuri, kila ubao mzima unaandikwa kwenye orodha ya hatua ya paa kama kifaa kilichopo, ukatumike kwenye jukwaa la mafundi.